Uzio Wetu ni Mchungaji

Gari likigonga ng'ombe usiku, maneno mawili husemwa kabla hata vumbi halijatulia. Dereva hushuka akiuliza, "Ng'ombe wa nani huyu, anafanya nini barabarani?" Mwenye mali naye, akijitokeza, husema, "Umemuua, lipa." Kila mmoja anaamini sheria iko upande wake peke yake. Dereva anadhani barabara kuu ni ya magari na kilichoingia humo kimejitakia. Mfugaji anadhani gari ni chombo cha hatari na anayekiendesha hulipa chochote kinachokufa mbele yake. Wote wawili wana haki nusu, na kosa lao ni kuidai nzima. Swali linaloamua nani alipe, na kiasi gani, ni jepesi kuliko wanavyodhani: mnyama yule alikuwa na mtu? Na kama hakuwa naye, dereva alikuwa anaona umbali gani mbele yake?

Tuanze na hilo la barabara kuwa ya magari. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unapoeleza maana ya "dereva", haumtaji mwenye usukani peke yake. Unamhesabu pia anayeswaga ng'ombe barabarani, mmoja au kundi, na anayeongoza punda wa mizigo. Mchungaji akishakanyaga lami na mifugo yake, ni dereva. Ana haki ya kupita, na magari hayana ruhusa ya kumfukuza kwa honi kana kwamba ameingia uani kwa watu. Lakini jina hilo lina mzigo wake, kwa sababu mkataba huohuo unasema kila dereva awe na uwezo, wakati wote, wa kukitawala chombo chake au kuwaongoza wanyama wake. Unapendekeza pia kwamba wanyama walio barabarani wawe na mtu wa kuwaongoza, na kwamba makundi makubwa yagawanywe vipande vyenye nafasi kati yake ili vyombo vingine vipite. Ng'ombe aliyelala katikati ya lami saa tatu usiku, mwenyewe akiwa kilabuni au kitandani, ni sawa na gari lililoachwa katikati ya barabara bila taa wala dereva. Hakuna anayeshangaa mwenye gari kama hilo akiulizwa maswali.

Upande wa fidia una historia yake, na inafaa kuijua kwa sababu mawakili huiibua. Mwaka 1947, katika kesi ya Searle na Wallbank, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mwenye shamba linalopakana na barabara hana wajibu wa kujenga uzio kuzuia mifugo yake isitoke. Mwendesha baiskeli aliyegongana na farasi usiku hakupata kitu. Hoja ilikuwa kwamba barabara nyingi za huko zilianza bila uzio, na aliyepita alizipokea na hatari zake. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo mwaka 1971 kwa sheria ya wanyama: tangu hapo mwenye mnyama aliyezurura hadi barabarani hupimwa kwa uzembe kama mtu mwingine yeyote. Sheria hiyo hata hivyo iliacha mlango mmoja. Mahali ambapo si desturi kuweka uzio, mtu mwenye haki ya kulisha hapo hahesabiwi mzembe kwa sababu tu ameweka wanyama pale. Mahakama za Tanzania na Kenya, zilizorithi kanuni za kawaida za Kiingereza, hazifungwi na uamuzi wa 1947, kwani tarehe za kupokea sheria hizo ni 1920 kwa Tanzania na 1897 kwa Kenya, lakini wakili wa mfugaji anaweza kuuleta kama hoja ya kushawishi.

Sasa chukua hoja hiyo uipeleke Longido, Kajiado au Gairo. Nani ana uzio huko? Malisho yako wazi kwa kilomita na kilomita, na kumwambia mfugaji azungushe seng'enge ni kumwambia aache ufugaji. Hapo mlango ule wa kukosa uzio unaonekana kumfaa sana. Haumfai kama anavyodhani. Sababu ya wafugaji wetu kutojenga uzio siku zote imekuwa kwamba wana kitu kinachofanya kazi ya uzio: mchungaji mchana na boma la miiba usiku. Ndiyo desturi yenyewe, na ndiyo inayomhukumu. Anayesema "kwetu hatuweki uzio" amesema kweli, ila aendelee na sentensi hadi mwisho wake: kwetu ng'ombe hachungwi na mti, na jua likizama anarudi zizini. Kuna chui na fisi, kuna wezi, kuna shamba la jirani. Mfugaji anayeacha mifugo izagae usiku kandokando ya lami amevunja desturi yake kabla hajavunja sheria ya mtu mwingine.

Mifugo haiendi barabarani kwa ujinga. Mvua inayoanguka juu ya lami haizami, hutiririka pembezoni, kwa hiyo ukanda wa mita chache kila upande hupata maji mengi kuliko nyika iliyo nyuma yake. Mwezi wa Septemba, nchi yote ikiwa kahawia, ukanda ule bado una ukijani. Halafu kuna mashimo ambayo makandarasi walichimba kifusi wakati wa ujenzi na kuyaacha. Mengi yako hatua chache tu kutoka barabarani, hujaa maji ya mvua na kuwa malambo ya bure. Usiku lami hubaki na joto la mchana na ni kavu, ndiyo maana punda na ng'ombe hulala juu yake. Anayejua haya anaweza kutabiri wapi na lini atakutana na mifugo: mwisho wa kiangazi, karibu na shimo la kifusi, asubuhi wanapotoka na jioni wanaporudi, na siku za mnada kwenye barabara zote zinazoelekea huko, kama ile ya Arusha kwenda Makuyuni inapopita Meserani.

Kwa dereva, jambo lote liko kwenye hesabu ambayo wengi hawajawahi kuifanya. Akikutana na gari lingine usiku anadimu taa. Taa zikiwa chini, ng'ombe mweusi au punda wa kijivu juu ya lami huonekana akiwa karibu sana. Tuchukue mita 40. Kutoka jicho lione hadi mguu ubonyeze breki hupita kama sekunde moja na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limeshakula mita 33 kabla breki haijashika. Zimebaki saba. Kwa breki nzuri, tairi nzuri na lami kavu, mita saba hupunguza mwendo kutoka 80 hadi kama 72 tu, na kwa mwendo huo ndipo anamgonga. Kwa maneno mengine, kwa 80 breki karibu haina kazi. Ili asimame kabisa anahitaji mita 69, na alizonazo ni 40. Akiwa kwenye 60 hali inabadilika kuliko mtu anavyotarajia: anamgonga kwa mwendo wa kama 30. Akiwa kwenye 55 anasimama, pua ya gari ikiwa karibu kumgusa mnyama. Tofauti ya kilomita tano kwa saa kwenye kipimo imetenganisha mgongano na kuponea chupuchupu. Kwa basi, lori, lami yenye maji au tairi zilizokwisha, hesabu ni mbaya zaidi.

Wengine watasema kwa mwendo wa 55 hakuna safari, mtu atafika lini Dodoma? Lakini hakuna anayemwambia aende 55 njia nzima. Vipande vyenye mifugo kwenye safari moja ya usiku vinaweza kuwa, tuseme, kilomita 20 kwa jumla. Kwa 80 vinachukua dakika 15, kwa 55 vinachukua karibu 22. Anachopoteza ni dakika saba, pungufu ya muda wa kula chipsi Kibaigwa. Na asijifiche nyuma ya kikomo cha mwendo kilichoandikwa. Tanzania na Kenya mabasi na malori yana kikomo cha 80 nje ya miji, lakini kikomo ni dari, si kipimo cha usalama. Dereva aliyegonga akiwa ndani ya 80 bado anaweza kukutwa mzembe kama alikuwa anakimbia zaidi ya taa zake.

Kuona mapema ni ujuzi, na madereva wazoefu wana alama zao. Kinyesi kibichi juu ya lami, kinachong'aa bado, kinasema kundi limepita muda si mrefu na huenda liko mbele. Vumbi linalosogea sambamba na barabara mahali pasipo na njia ya gari ni la miguu. Yangeyange wakiruka chini chini pembeni, wako na ng'ombe. Mtoto mwenye fimbo aliyesimama upande huu akitazama upande ule ana wanyama pande zote mbili. Usiku, alama iliyo muhimu kuliko zote ni taa za gari linalokuja kupepesa mara moja moja kama zinazimwa na kuwashwa. Wengi hudhani wanaonyeshwa ishara ya trafiki. Mara nyingi ni miguu inayokatiza kati yao na taa hizo. Na pale magari mawili yanapokaribia kupishana, nyuma ya mwanga wa yule anayekuja kuna kipande cha giza ambacho hakuna anayekiona. Mguu utoke kwenye mafuta kabla ya kupishana, usingoje baada.

Ukishawaona, tabia ya mnyama ndiyo inayoamua utakachofanya. Kondoo hufuatana: wa kwanza akivuka, waliobaki watavuka hata kama gari limefika, kwa hiyo kundi la kondoo halina katikati ya kupenyea. Mbuzi mama akivuka na mwanawe akabaki, mmoja wao atarudi mbio. Ng'ombe akivuka, mtazame ndama yuko wapi. Punda husimama tu, na honi haimhusu. Honi kwa ujumla ni chombo kibaya hapa, kwani mnyama hajui imetoka wapi wala imemwambia aelekee wapi, na kundi lililokuwa linavuka kwa utulivu hugeuka na kukurudia. Punguza mwendo, washa taa za hadhari ili wa nyuma yako ajue, simama ikibidi, mwachie mchungaji kazi yake. Ukilazimika kumpita mnyama mmoja, pita nyuma yake, upande alikotoka, ukiwa mwendo wa kutembea, baada ya kuhakikisha hafuatwi.

Lakini ikiwa umeshachelewa, mnyama yuko mbele na mwendo bado ni mkubwa, funga breki kwa nguvu usukani ukiwa umenyooka. Kishawishi cha kukwepa ndicho kinachojaza makaburi. Gari la juu kama Noah au Hiace likikatwa usukani kwa mwendo wa 80 linaweza kupinduka, au kuingia upande wa pili na kukutana na lori. Kumgonga mbuzi ni hasara, kumkwepa mbuzi kunaweza kuwa msiba. Ng'ombe ni suala jingine kidogo, maana gari dogo humpiga miguu na mwili wake wote hupanda boneti hadi kwenye kioo, na ngamia, kwa urefu wake, ni mbaya zaidi kwenye barabara ya Isiolo kwenda Moyale. Hata hivyo jibu linabaki lilelile: kila kilomita ya mwendo unayoiondoa ukiwa kwenye mstari ina faida kuliko usukani. Mwenye bodaboda hana hata chaguo hilo. Kwake mbwa mmoja anatosha, na taa yake ni hafifu, kwa hiyo mwendo ndio ulinzi pekee alionao.

Sasa tumgeukie yule dereva mwingine, mwenye fimbo. Kundi la ng'ombe 60 likivuka watatu watatu ni safu 20, na kila safu inachukua kama mita tatu. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, kutoka wa kwanza aingie hadi wa mwisho atoke kwenye lami ya mita 10 ni zaidi ya dakika moja, kama sekunde 70. Katika muda huo basi lililo kwenye 80 linatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Maana yake ni kwamba barabara ambayo mchungaji aliiona tupu wakati wa kwanza anakanyaga lami huenda isiwe tupu wakati wa mwisho anatoka. Kutazama kushoto na kulia hakutoshi kwa kundi. Anahitaji mtu wa pili, asimame kama mita 150 kutoka kwenye kivuko upande ambao magari hayaoni vizuri, apeperushe kitambaa chenye rangi kali. Shuka nyekundu inatosha mchana. Kivuko kiwe mahali palipo wazi pande zote, kamwe kisiwe kwenye kona wala baada tu ya kilele cha mlima. Kundi kubwa likatwe vipande vya ishirini ishirini, na cha kwanza kishikwe ng'ambo kisiendelee kutembea, maana wa nyuma wakiona wenzao wanapotea watakimbilia kuwafuata bila kujali gari. Ndama wavuke pamoja na mama zao. Ikitokea giza limewakuta njiani, tochi iwe mbele na nyingine nyuma ya kundi. Utepe unaong'aa, ule unaobandikwa kwenye malori, ukifungwa shingoni mwa wale wanaoongoza, huonekana kwa mbali kuliko ng'ombe mwenyewe.

Hapa mfugaji ana pingamizi zito, na si la kulipuuza: ng'ombe walikuwepo kabla ya barabara. Njia za mifugo kwenda majini zilikuwepo kabla mpimaji hajaja na bendera zake, na barabara ikazikata bila kuuliza. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kudai vivuko, vibao vya pembetatu vyenye picha ya ng'ombe mahali halisi pa kuvukia badala ya popote, na makalvati marefu ya kutosha mifugo kupita chini ya tuta. Madai hayo yapelekwe kwa mwenye barabara wakati wa usanifu, kupitia serikali ya kijiji, kwa maandishi. Lakini hoja hiyo inahusu kuvuka. Haihusu kulala juu ya lami, wala kulisha ndani ya hifadhi ya barabara bila mtu. Haki ya kupita ya babu haikuwahi kuwa haki ya kumwacha ng'ombe peke yake usiku, hata huyo babu asingekubali. Na dereva naye asiicheke hoja hii. Anapopita kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ile inayokata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, hupunguza mwendo kwa sababu anajua kumuua mnyama wa serikali kuna malipo. Macho anayo, basi. Kinachobadilika ni nani anayemdai.

Ajali ikishatokea, cha kwanza ni kuzuia ya pili. Mzoga juu ya lami usiku unaweza kuua zaidi kuliko mnyama aliye hai, kwa kuwa hausogei wala hauna macho ya kurudisha mwanga. Washa taa za hadhari, weka pembetatu mbali, hatua 60 au zaidi, kisha uondoeni mzoga kwa kuuburuta. Mnyama aliyejeruhiwa usimsogelee kichwani wala miguuni. Sheria inamtaka dereva asimame, ajitambulishe, na atoe taarifa polisi. Kenya imeweka wazi kwamba taarifa hiyo isipite saa 24. Wako wanaosema kusimama ni kutafuta kupigwa. Hofu hiyo ina msingi mahali pengine, na jibu lake ni kwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na kuripoti usiku huohuo. Anayeendelea hadi mwisho wa safari na kuosha gari amejipa kosa la pili, na mara nyingi ndilo linalomgharimu zaidi kuliko la kwanza.

Kabla watu hawajasogeza vitu, simu ifanye kazi. Piga picha alama za tairi, halafu zihesabu kwa hatua. Piga mahali mnyama alipolala, vioo vilipomwagikia, kibao cha alama kama kipo au hakipo, na chapa au hereni ya mnyama. Kama kuna mchungaji, andika jina lake na la aliyemtuma. Kama hayupo, picha za mazingira matupu zenye saa juu yake ni ushahidi wenyewe. Mfugaji naye afanye hivyohivyo, maana urefu wa alama za breki unasema mwendo, na kukosekana kwake kunasema dereva hakuona kabisa.

Tuichukue ajali moja tuipime yote. Noah inatoka Arusha kwenda Namanga saa mbili usiku, mwendo 80, taa zimedimiwa. Inamgonga ng'ombe mmoja asiye na mtu. Ng'ombe ana thamani ya shilingi 1,200,000. Anachinjwa kabla hajakata roho, afisa mifugo anaikagua nyama, nayo inauzwa 700,000. Matengenezo ya gari ni 4,000,000. Mwenye ng'ombe hana haki ya kudai 1,200,000, kwa sababu nyama imerudisha sehemu. Hasara yake ni 500,000. Kisha uzembe unagawanywa. Sheria za marekebisho, Sura ya 26 kwa Kenya na Sura ya 310 kwa Tanzania, zinaruhusu mahakama kupunguza fidia ya mtu kulingana na sehemu yake ya kosa badala ya kumnyima yote. Tuseme mwenye ng'ombe anapewa asilimia 60, kwa kumwacha mnyama usiku bila mtu, na dereva 40, kwa kukimbia zaidi ya taa zake. Dereva anamdai mfugaji 2,400,000. Mfugaji anamdai dereva 200,000. Zikikatana, anayetoa pesa ni mfugaji, 2,200,000, katika ajali ambayo kando ya barabara alikuwa anadai alipwe. Geuza mambo mawili tu, iwe saa nne asubuhi na mchungaji amesimama akipeperusha shuka mahali palipo wazi, na karibu mzigo wote unamwangukia dereva. Asilimia hizo ni za mfano, kila hakimu atakuwa na zake, lakini mwelekeo hautabadilika sana.

Hesabu hii ndiyo inayofanya malipo ya papo kwa papo yawe hatari kwa pande zote. Dereva aliyezungukwa na watu hutoa bei kamili ya ng'ombe, bila karatasi, na kesho bima inakataa kumsikiliza kwa sababu mikataba mingi inakataza kukubali kosa bila ridhaa ya kampuni. Mkitaka kuyamaliza bila mahakama, mnaweza, ila iandikwe mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, au chifu kwa Kenya: nani amelipa, kiasi gani, na kwamba madai ya pande zote mbili yameisha. Yasipoisha, Kenya ina mahakama ya madai madogo kwa yasiyozidi shilingi 1,000,000. Na hapa bima nayo ieleweke. Ile inayolazimishwa na sheria, Tanzania na Kenya, inahusu kifo na majeraha ya watu. Ng'ombe ni mali. Atalipwa na bima ya dereva kama tu mkataba umeongeza uharibifu wa mali ya wengine, jambo ambalo mikataba mingi ya bima ndogo hufanya lakini kwa kikomo. Gari lililobondeka litatengenezwa na bima kubwa peke yake, na mwenye bima ndogo hana njia isipokuwa kumdai mfugaji. Walioumia wapate fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania, mapema iwezekanavyo, na wakumbuke kwamba wanaweza kuwadai dereva na mfugaji wote wawili.

Linabaki pingamizi ambalo huletwa kwa upole: mchungaji alikuwa mtoto wa miaka tisa, mtamdai nini? Hakuna anayemdai mtoto. Anayemtuma mtu kuchunga hubeba makosa ya yule aliyemtuma akiwa kazini, na kumkabidhi mtoto wa miaka tisa ng'ombe 80 kando ya barabara kuu ni uzembe wa mwenye mali mwenyewe, hata kabla ng'ombe wa kwanza hajakanyaga lami. Wala umaskini si jibu rahisi hapa. Mwenye ng'ombe 80, kwa bei ile ya mfano wetu, ana mali ya kununua Noah zaidi ya moja.

Ugumu halisi uko kwingine, kwenye kumpata. Ng'ombe aliyekufa kwa gari dogo, nyama ikiwa nzima, huwa na mwenyewe ndani ya nusu saa. Ng'ombe aliyeua mtu hana mwenyewe kabisa, na kijiji kizima kinakuwa hakijawahi kumwona. Ndiyo maana chapa na hereni zina maana zaidi ya kuzuia wizi. Tanzania ilipitisha sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na mfugaji anayeiona hereni kama njia ya kumkamata anapaswa kuitazama pia upande wa pili: bila alama, hata dai lake la 500,000 linategemea ushahidi wa majirani. Dereva aangalie sikio na paja kabla ya kisu kufika, maana kichwa na ngozi ndivyo hupotea kwanza. Na yeyote anayejitokeza kudai fidia, jina lake liandikwe palepale kwenye taarifa ya polisi, pamoja na maneno aliyosema. Akishasema "ni wangu", amejibu swali ambalo lingewachukua wapelelezi mwezi mzima.